Kilima kifupi na straidi: kasi ile ile kwa pumzi pungufu

Oktoba 2020, kule Valencia, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alimaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Ukigawa muda huo kwa mizunguko 25 ya uwanja, unapata takriban sekunde 63 kwa kila mzunguko. Mzunguko mmoja wa namna hiyo vijana wengi wa klabu wanauweza. Kuurudia mara 25 kunadai moyo na mapafu ya ajabu, lakini kunadai pia mwili usiopoteza nguvu ovyo: mguu usiofunga breki kila unapotua, kiwiliwili kisichoyumba, kifundo kigumu kinachomrusha mtu mbele badala ya kudidimia. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kuangalia mtu anatumia oksijeni kiasi gani akiwa katika kasi fulani. Wawili wanaweza kwenda bega kwa bega, mmoja akatumia oksijeni nyingi na mwenzake kidogo. Huyo wa pili ndiye anayekimbia kwa gharama ndogo.

Gharama hiyo hushuka bila kuongeza kilomita. Mwaka 1999 watafiti wa Finland waliwachukua wakimbiaji wa masafa marefu, wakabadilisha sehemu ya mazoezi yao ya kawaida na kuwapa mbio fupi za mita 20 hadi 100 pamoja na mazoezi ya kuruka. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulikuwa umepungua, ilhali uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulikuwa haujapanda. Walikuwa wamejifunza kuukanyaga uwanja vizuri zaidi.

Kwetu Kampala njia rahisi ya kupata kitu cha jinsi hiyo ni kilima kifupi, kisha straidi, yaani mbio fupi za kuongeza kasi taratibu bila kushindana, kwenye tambarare. Vilima vipo hadi vinakera: Naguru, Kololo, Muyenga, Mutungo. Lakini vikundi vingi vinavitumia kwa namna moja tu, yaani kupanda kuanzia chini hadi kileleni huku watu wakitoa ulimi nje. Hilo ni zoezi la moyo na lina faida yake. Halikufundishi kukimbia vizuri, kwa sababu ukishachoka unakimbia vibaya, na unachokirudia ndicho mwili unachokishika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki na ambaye ameshazoea mwendo mwepesi wa nusu saa kwa miezi kadhaa bila maumivu. Anayeanza kabisa asubiri kwanza.

Kwanza, pima mwinuko

Unahitaji kipande cha mita 50 hivi chenye mwinuko wa asilimia 6 hadi 8, yaani barabara inapanda sentimita 6 hadi 8 kwa kila mita moja. Macho hudanganya sana hapa, hasa asubuhi. Muazime fundi ujenzi pimamaji yake na ubao ulionyooka wa mita moja. Laza ubao kuelekea juu, ncha ya juu iguse barabara, kisha inua ncha ya chini mpaka kiputo cha pimamaji kikae katikati. Pima nafasi iliyobaki kati ya ncha ile na barabara. Ukipata sentimita 7, una mwinuko wa asilimia 7. Kazi ya dakika mbili, na hutairudia tena mahali hapo.

Ukipata sentimita 12 au 15, kama zilivyo baadhi ya njia za kupandia Muyenga, tafuta pengine. Mwinuko mkali namna hiyo humlazimisha mtu ainame kiunoni na kusukuma kwa vidole, na mkano wa kisigino ndio unaolipa. Ukipata 3, utakuwa unakimbia mbio za kawaida tu.

Lami ni salama kuliko marram, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua inaponyesha na udongo mwekundu kugeuka utelezi. Ubaya wa lami ni bodaboda, ambazo hushuka kilima injini imezimwa, kimya kimya. Kimbia upande wa kulia ili uzione zinazokuja kwako, na usianze kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga unapokuwa umeanza kutosha. Kuhusu steji ya boda chini ya kilima, hakuna dawa. Watakuita tu: "Nyabo, panda twende, unajichosha bure!" Baada ya wiki mbili watazoea, na wengine wataanza kukuhesabia.

Pili, pasha mwili moto hadi utoke jasho

Mchakamchaka wa dakika 15 hadi 20 kwenye sehemu tambarare, polepole kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima. Kisha simama ukishika ukuta, uzungushe kila mguu mbele na nyuma mara kumi, na uinue visigino ukiwa umesimama mara kumi na tano. Maliza kwa kukimbia mara mbili kwenye kilima chenyewe kwa nguvu ya wastani, sekunde sita tu kila mara. Misuli baridi ya nyuma ya paja huchanika katika mbio za nguvu, na jeraha hilo si la wiki moja.

Tatu, panda kwa sekunde 8

Anzia kwenye alama unayoweza kuiona tena: mfuniko wa mtaro, nguzo ya umeme, mti. Ondoka kwa hatua mbili tatu za kawaida, kisha ongeza nguvu mpaka ufike karibu na nguvu zako zote, na uache ifikapo sekunde ya 8. Mkimbiaji wa kawaida atakuwa amekwenda mita 30 hadi 40. Usitazame saa ukiwa unakimbia. Jaribio la kwanza litakuonyesha umefika wapi, na baada ya hapo weka jiwe mahali hapo liwe ndilo saa yako.

Kilima kinakusaidia kwa sababu ardhi inaupandia mguu wako. Mguu hauanguki kutoka juu sana, kwa hiyo kishindo cha kutua ni kidogo kuliko ukikimbia kasi hiyo hiyo kwenye tambarare. Tena huwezi kurusha mguu mbali mbele ya mwili, maana barabara inakuzuia. Unalazimika kutua chini ya nyonga na kusukuma kwa makalio, misuli ambayo watu wanaoshinda wamekaa ofisini au dukani huwa wameisahau kabisa.

Mambo matatu yanatosha kuyaangalia. Mwili uelekee mbele kuanzia kwenye vifundo, uwe mstari mmoja hadi kichwani. Ukiona vidole vya raba zako mwenyewe, umeinama kiunoni, basi peleka macho mita kumi na tano mbele. Mikono ifanye kazi kwa kurudi nyuma: sukuma kiwiko nyuma, na mkono utarudi mbele wenyewe. Miguu ikitaka kulegea, ongeza kasi ya mikono na miguu itafuata. La mwisho ni kusukuma ardhi mpaka nyonga inyooke kabla mguu haujaondoka. Wengi hukatisha hapo, wakawa wanapanda kilima kama watu waliokaa kwenye kiti.

Kwenye mwinuko kisigino kitagusa kidogo au hakitagusa kabisa. Usikilazimishe kushuka, wala usinyate kwa ncha za vidole. Tua kwa sehemu ya mbele ya unyayo na uache kisigino kifanye kinavyotaka.

Nne, shuka ukitembea, na usubiri

Hapa ndipo watu wanaponibishia. Zoezi la sekunde 8 linaonekana jepesi, kwa hiyo mtu anashuka mbio na kuanza tena baada ya nusu dakika. Lakini nguvu ya mlipuko wa sekunde hizo hutoka kwenye akiba ndogo iliyo ndani ya misuli yenyewe, na akiba hiyo inahitaji dakika mbili hadi tatu kurudi. Ukianza mapema, mwili utachukua nguvu kwingine, utahema, na mara ya nne utakuwa unapanda polepole kuliko ya kwanza. Zoezi limeshageuka.

Tembea ukishuka, halafu zungukazunguka pale chini mpaka zitimie dakika mbili na nusu tangu uliposimama. Usishuke mbio kamwe katika zoezi hili. Kushuka mbio ndiko kunakoyavunja mapaja ya mbele, maana misuli inanyooshwa huku inabeba uzito, na keshokutwa hutaweza kushuka ngazi.

Kipimo cha kuacha ni jiwe lako. Ukipanda kwa sekunde 8 na ukabaki nyuma ya jiwe kwa hatua mbili au zaidi, kazi imekwisha, hata kama mpango ulisema mara nane na wewe uko mara ya tano. Kapchorwa, ambako mji uko juu ya mita 1,800 ilhali Kampala iko karibu na 1,200, mtu aliyetoka chini aongeze dakika moja ya kupumzika na apunguze idadi kwa siku za mwanzo.

Tano, peleka nguvu hiyo kwenye tambarare

Kilima kinajenga msukumo. Straidi zinaufundisha mwili kuutumia msukumo huo katika mwendo wa mashindano. Tafuta mita 70 hadi 80 za nyasi zilizofyekwa au marram iliyoshikamana, kama kando ya uwanja wa mpira. Theluthi ya kwanza ongeza kasi taratibu, theluthi ya kati shika kasi unayoweza kuishika ukiwa umelegeza taya na mabega, theluthi ya mwisho jiachie bila kufunga breki. Jumla ni sekunde 18 hadi 20 kwa mkimbiaji wa kawaida. Hizi si mbio za kushindana. Ukiona shingo imekaza, umezidisha.

Rudi ukitembea hadi ulipoanzia, pumua mpaka uweze kuongea kwa utulivu, kisha anza nyingine. Zifanye baada ya mchakamchaka mwepesi, na ukipenda mbili za mwisho zifanye bila raba ikiwa nyasi hazina miiba wala chupa.

Siku moja baada ya mvua, marram ikiwa na unyevu ila haitelezi, fanya straidi moja kisha urudi ukitazama alama zako mwenyewe. Ni mwalimu mzuri kuliko video ya simu. Mguu unaofunga breki husukuma udongo mbele, kwa hiyo utaona kijituta kidogo mbele ya alama na shimo refu la kisigino nyuma. Mguu unaosukuma vizuri huacha kijituta nyuma ya vidole, na alama ya kisigino huwa nyepesi. Ukikuta breki, usijaribu kukanyaga kwa vidole; dawa ni kufupisha hatua kidogo na kuongeza idadi yake, ili mguu utue karibu na mwili. Tazama pia kama alama za mguu wa kushoto zinavuka mstari wa katikati kwenda kulia, au za kulia kwenda kushoto. Hiyo ni dalili kwamba nyonga hazijawa imara, na mara nyingi mikono yako nayo inavuka kifua.

Mfano wa wiki nane

Tuchukue dada anayefanya kazi dukani Ntinda. Anakimbia Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili, na anajiandaa kwa kilomita 10 za Kampala Marathon mwezi Novemba. Muda wake wa sasa ni dakika 56, yaani kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 36. Mchakamchaka wake mwepesi ni karibu dakika 6 na nusu hadi 7 kwa kilomita.

Wiki mbili za kwanza Jumanne anakimbia dakika 40 kwa wepesi na kumalizia na straidi 4. Alhamisi anapasha mwili, anapanda kilima cha Naguru mara 4 kwa sekunde 8, kisha anarudi nyumbani polepole. Jumamosi ni mwendo mwepesi mtupu na Jumapili ni safari ndefu. Ataona kama hajafanya lolote Alhamisi, na ndivyo inavyotakiwa: mkano wa kisigino huchelewa kuimarika kuliko misuli, na wiki hizi ni zake.

Wiki ya tatu na ya nne Alhamisi inakuwa mara 6, na straidi za Jumanne zinafika 6. Wiki ya tano kilima kinafika mara 8 za sekunde 10, na hapo ndipo mwisho wa kuongeza. Kwa kilomita anazokimbia yeye, mara 12 haziongezi kitu isipokuwa uchovu.

Wiki ya sita na ya saba anabadilisha. Anahamia mwinuko mlegevu zaidi, asilimia 4 hadi 5, na kupanda mara 6 kwa sekunde 45, kwa nguvu ambayo angeitumia katika mbio za kilomita 5. Hapa anahema, na ni sawa, kwa kuwa sasa anajifunza kuushika mwendo ule ule mzuri akiwa amechoka kidogo. Anashuka kwa mchakamchaka wa polepole sana, kama dakika mbili. Kanuni yake ni kwamba mara ya sita ifike mahali ilipofika ya kwanza. Akifika mbali sana mara ya kwanza na kuishia njiani mara ya tano, alianza kwa pupa. Njia za Kampala Marathon zina vilima vyake, na mwenye kuzoea kupanda kwa kipimo hashtuki akivikuta.

Wiki ya nane ni ya mashindano. Hakuna kilima. Anabakiza straidi 4 Alhamisi, baada ya mchakamchaka wa dakika 20, ili miguu isilale.

Nani asiyepaswa kuufuata mpango huu jinsi ulivyo? Mwenye umri mkubwa, au anayekaribia kilo mia, aanze na straidi peke yake kwa mwezi mzima, tena kwa kasi ya chini.

Je, gharama imeshuka?

Maabara hatuna mtaani, lakini kuna kipimo cha kutosha. Kabla ya wiki ya kwanza dada wetu anachagua kilomita 3 za tambarare na kuzikimbia kwa dakika 6 na sekunde 30 kila moja, bila kuzidisha wala kupunguza. Anaposimama tu, anaweka vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15. Tuseme anapata 40, yaani 160 kwa dakika. Baada ya wiki ya sita anarudia njia ile ile, saa ile ile ya asubuhi, kwa kasi ile ile. Akipata 38, ni 152 kwa dakika.

Tofauti ya pigo moja isimfurahishe, maana joto, usingizi mbaya au chai nzito vinaweza kuileta. Apime mara mbili katika asubuhi tofauti. Na hata ikishuka kweli, sehemu yake inatokana na moyo uliozoea mazoezi kwa jumla. Ndiyo maana napenda kuangalia pamoja na jambo la pili: zile mita 80 za straidi, kwa sekunde zile zile 19, zinamchukua hatua ngapi? Zikipungua kwa hatua mbili tatu huku mwili ukiwa umelegea na kijituta kikiwa bado nyuma ya vidole, msukumo wa kilima umefika tambarare. Zikipungua huku kijituta kimehamia mbele, anarusha miguu tu.

Maumivu ya kusikiliza

Mashavu ya miguu kukaza siku moja au mbili baada ya kilima cha kwanza ni kawaida, kwa sababu kwenye mwinuko kisigino hukaa chini kuliko vidole na misuli hiyo huvutwa zaidi. Kisichokuwa cha kawaida ni mkano wa kisigino unaouma hatua za kwanza ukitoka kitandani, au unaouma ukiuminya kwa vidole viwili. Hapo acha kilima mara moja, endelea na mchakamchaka wa tambarare kama hauumi, na fanya zoezi la kuinua visigino na kuvishusha polepole kila siku. Wengine hudhani raba mpya zitatibu. Tatizo linaweza kuwa raba kuukuu kweli, zile za mivumba ambazo soli yake imeliwa upande mmoja, lakini mara nyingi ni idadi iliyopandishwa haraka.

Ukisikia kitu kama kuchomwa nyuma ya paja katikati ya straidi, simama hapo hapo. Usijaribu moja zaidi kuona kama kweli. Tembea hadi nyumbani, au siku hiyo kubali ile boda. Ukirudi mazoezini, anza na kilima cha sekunde 6 kwa nguvu ya wastani kabla ya straidi za tambarare, kwa sababu kwenye mwinuko hatua ni fupi na paja la nyuma halinyooshwi hadi mwisho wake.